Mayai mawili na vijiko vingapi? Hesabu ya makro za kimanda cha mboga

Kwa anayehesabu makro, yaani protini, mafuta na wanga, yai lenyewe halisumbui. Yai la kuku wa kisasa la ukubwa wa kawaida, likishatolewa ganda, hubaki na gramu 50 hivi. Humo mna protini gramu 6.3, mafuta gramu 4.8 na wanga usiofika hata nusu gramu. Jumla ni kalori 72. Liwe limetagwa Kibaha au Kiambu, hesabu hiyo haisogei sana. Shida huanza chupa ya mafuta inapoinamishwa juu ya kikaango, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120, zaidi ya yai moja na nusu, na hakina hata chembe ya protini.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula kimanda kilekile cha mayai mawili, kitunguu, nyanya na pilipili hoho, mmoja akaandika kalori 215 na mwenzake 415, na wote wakawa wamesema kweli. Tofauti yao yote ni mafuta. Basi tuyafuate hayo mafuta tangu yakiwa kwenye kijiko mpaka yanapofika kwenye sahani, kwa sababu njiani kuna sehemu tatu au nne ambapo hesabu hupotea bila mtu kujua.

Kijiko kipi hasa

Katika mapishi yaliyoandikwa, na katika karibu kila programu ya simu ya kuhesabu chakula, kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni mililita 15. Hayo ni makubaliano tu. Australia, kwa mfano, kijiko cha chakula rasmi ni mililita 20, kwa hiyo pishi lililoandikwa huko lina theluthi zaidi ya mafuta hata kama maneno ni yaleyale.

Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji. Mililita moja ina uzito wa gramu 0.91 hivi. Kijiko cha chai kilichojaa sawasawa hubeba gramu 4.5 za mafuta, ambazo ni kalori 40. Kijiko cha chakula hubeba gramu 13.6, nazo ni kalori 120. Namba hizi mbili, 40 na 120, zinatosha kukaa kichwani. Nyingine zote zinaweza kutafutwa.

Ila kijiko kilichomo kwenye droo yako hakikutengenezwa kuwa kipimo. Kimetengenezwa kuingia mdomoni. Vijiko vya kulia wali vinavyouzwa sokoni vinatofautiana: kingine hubeba mililita 10, kingine 12, kingine hufika 15. Vijiko vya chai navyo ni hivyohivyo, na vile vidogo vya kukorogea kahawa havifiki hata mililita 4. Njia ya kujua ni kupima kijiko chako mara moja, kisha ukitumie hichohicho siku zote.

Mwenye mizani ya jikoni aweke kikombe juu yake, airudishe kwenye sifuri, kisha atie vijiko kumi vya maji vilivyojaa sawasawa. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo mizani ikisoma gramu 110, kijiko chake ni cha mililita 11. Asiye na mizani aende duka la dawa anunue bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano. Avute maji mpaka mstari wa 10, ayamimine kwenye kijiko, kisha aone kimejaa au bado. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto nacho kina alama za mililita 5 na 10, na kwa kazi hii kinafaa kabisa.

Tuseme kijiko chako kimetoka mililita 11. Ukikijaza mafuta ni gramu 10, sawa na kalori 90. Programu ya simu, ukiiambia kijiko kimoja cha chakula, itaandika 120. Hapo umejihesabia zaidi kwa kalori 30, kosa ambalo si kubwa na linaegemea upande usio na madhara kwa anayejaribu kupungua. Kosa linalouma zaidi ni la upande wa pili, nalo halitokani na ukubwa wa kijiko. Linatokana na mkono.

Kumimina juu ya kikaango

Tazama mtu anavyopima mafuta akiwa na haraka asubuhi. Kijiko anakishika juu ya kikaango, dumu la lita tano analiinamisha kwa mkono mwingine, mafuta yanatoka kwa mkupuo, kijiko kinajaa na yanayozidi yanamwagikia kikaangoni. Kisha anageuza kijiko na kutia yaliyomo. Akiulizwa atasema ametia kijiko kimoja, na kwa macho yake ni kweli, lakini kikaangoni mna kijiko kimoja na nusu, au viwili.

Dawa yake ni kujaza kijiko juu ya kikombe au bakuli. Yanayozidi yabaki kwenye bakuli, ya kijiko yaende kikaangoni. Anayenunua mafuta ya kupima dukani na kuyahifadhi kwenye chupa ya maji ana nafuu kidogo, kwa sababu akitoboa tundu dogo kwenye kifuniko mafuta hutoka polepole na mkono unaweza kuyasimamisha.

Kwa mwenye mizani, kijiko chenyewe hakihitajiki. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, tia mafuta kikaangoni, kisha irudishe chupa juu ya mizani. Itasoma chini ya sifuri, na namba hiyo ndiyo gramu ulizotoa. Ikiandika 18 pungufu, umetia gramu 18 za mafuta, hata kama jicho lilikuambia ni kijiko kimoja. Zidisha kwa 9 upate kalori, kama 160.

Mafuta ya mgando, samli na siagi yana tatizo lake. Kwa kuwa hayatiririki, kijiko huchota mlima. Kijiko cha chakula cha mafuta ya mgando kilichosawazishwa kwa kisu kinakaribiana na cha mafuta ya maji, lakini kilichochotwa tu kutoka kopo kinaweza kubeba mara mbili. Ukipika kwa aina hii, sawazisha kijiko au pima kwa mizani. Kukadiria kwa macho hapa ni kubahatisha.

Na watu huuliza sana kuhusu aina ya mafuta. Alizeti ya Singida, mawese ya Kigoma, nazi, ufuta, zeituni: yote ni mafuta kwa asilimia mia, na gramu moja ya kila moja ina karibu kalori 9. Tofauti ya aina za mafuta ndani yake ipo na ina maana kwa afya ya moyo, lakini kwenye safu ya kalori na safu ya jumla ya mafuta hakuna nafuu yoyote kwa kubadilisha chupa. Kijiko cha mafuta ya zeituni ni kalori 120 kama kijiko cha mafuta ya alizeti. Siagi peke yake inatofautiana, kwa kuwa karibu sehemu moja ya tano yake si mafuta, nyingi ni maji. Kijiko chake cha chakula ni kalori 100 hivi. Samli imeshapoteza maji hayo, kwa hiyo inarudi kwenye hesabu ya mafuta ya kawaida.

Kimanda chenyewe, hatua kwa hatua

Chukua mayai mawili ya kisasa, gramu 100 bila maganda. Hayo ni kalori 143, protini gramu 12.6, mafuta gramu 9.5 na wanga gramu 0.7. Ikiwa mayai yako ni ya kienyeji, mara nyingi ni madogo. Yai lenye gramu 38 bila ganda lina kalori kama 54 na protini chini kidogo ya gramu 5. Ukiwa nayo, vunja mayai kwenye bakuli lililo juu ya mizani, kisha zidisha uzito kwa namba za gramu 100.

Mboga: kitunguu gramu 40, ambacho ni nusu ya kitunguu cha wastani kikiwa kimemenywa, nyanya gramu 60, hoho gramu 30. Kitunguu kinaleta kalori 16, nyanya 11, hoho 6. Zote tatu pamoja ni kalori 33, protini gramu 1.2, mafuta ambayo hayafiki robo gramu, na wanga gramu 7.4. Nusu ya wanga huo imetoka kwenye kitunguu peke yake, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani nyanya ndiyo yenye sukari.

Kabla ya mafuta, basi, kimanda chetu kina kalori 176, protini gramu 13.8, mafuta gramu 9.7 na wanga gramu 8.1. Nusu ya nguvu yake tayari inatoka kwenye mafuta, na hayo ni mafuta ya kiini cha yai.

Sasa tia kijiko kimoja cha chai. Kalori zinapanda mpaka 216, mafuta mpaka gramu 14.2. Protini na wanga havisogei, na havitasogea kamwe kwa mafuta, uwe umetia tone au kikombe.

Badala yake tia kijiko kimoja cha chakula, kilichopimwa vizuri. Kalori 296, mafuta gramu 23.3. Hapa mafuta yamefika asilimia 70 hivi ya nguvu yote ya chakula, na protini, ambayo mwanzoni ilikuwa asilimia 31, imeshuka mpaka kama 19. Gramu za protini ni zilezile 13.8. Zimezungukwa tu na kalori nyingine.

Tia vijiko viwili vya chakula, na hili hutokea kirahisi kuliko watu wanavyokubali. Mtu huweka kijiko cha kwanza cha kukaangia kitunguu na nyanya, kitunguu kinakunywa, kikaango kinaonekana kikavu, basi kabla ya kumimina mayai anaongeza kijiko cha pili yasishike. Kalori 416, mafuta gramu karibu 37. Kile kimanda cha mwanzo kimezidi mara mbili kwa nguvu bila kuongezwa hata yai moja.

Nimeona watu wakipunguza kitunguu ili wapunguze kalori, wakikata gramu 20 za kitunguu ambazo ni kalori 8, kisha mafuta wanayamimina kwa jicho. Mboga zote za kimanda hiki hazifiki hata kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Ukitaka kuongeza karoti, kabichi au mchicha, ongeza tu; hesabu ya chakula hiki haipo huko.

Kwa anayependa kuhakiki: ukizidisha protini kwa 4, mafuta kwa 9 na wanga kwa 4, kimanda kisicho na mafuta ya kukaangia kitakupa kalori 175, si 176, na mayai peke yake yatakupa 139, si 143. Hujakosea. Vizidishio vya 4, 9 na 4 ni vya jumla, vya vyakula vyote kwa pamoja, na vimetokana na kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Majedwali ya chakula mara nyingi hutumia vizidishio maalumu kwa kila chakula. Protini ya yai hupewa 4.36 kwa sababu mwili huimeng'enya karibu yote, na wanga wa mboga hupewa chini ya 4. Tofauti ya kalori tatu au nne haina haja ya kukuamsha usiku.

Mafuta yasiyofika kwenye sahani

Mpaka hapa tumehesabu mafuta yaliyoingia kikaangoni. Yanayoingia mwilini ni yale yaliyotoka kikaangoni pamoja na chakula, na hapo ndipo yai la kukaanga na kimanda cha mboga vinapoachana njia.

Yai la kukaanga likivunjwa zima, ute wake huganda mara unapogusa mafuta ya moto. Ukishaganda, mafuta hayapenyi ndani. Yanabaki chini na pembeni, na mengine yanajishika kwenye ule ukingo wa kahawia wenye matundu. Ukilitoa yai kwa kijiko cha kugeuzia na kuliinamisha kidogo juu ya kikaango, sehemu kubwa ya mafuta hubaki. Mtu aliyetia kijiko kizima cha chakula kwa yai moja anaweza kuwa amekula chini ya nusu yake.

Kimanda cha mboga hakifanyi hivyo. Kitunguu kikilainika hupoteza maji na mafuta huingia kati ya tabaka zake. Nyanya ikiiva huvunjika, rojo yake hushika mafuta. Mayai yaliyopigwa yakimiminwa juu ya mboga hizo huzikumbatia pamoja na mafuta yake, kisha unakikunja au kukigeuza kimanda na kuokota yaliyobaki chini. Ukikitoa, kikaango mara nyingi kina utando tu unaong'aa. Kwa hiyo kwa kimanda cha mboga kilichopikwa kwa kijiko kimoja cha chakula au pungufu, ushauri wangu ni kuhesabu mafuta yote kana kwamba yameliwa. Utakuwa umezidisha kwa gramu moja au mbili, na kosa hilo halina maana.

Mafuta yakiwa mengi zaidi ya hapo, au ukiwa unakaanga mayai mazima, ni vizuri kupima yaliyobaki. Pima kikaango kitupu kabla ya kuanza, tuseme gramu 640. Pika, toa chakula, kisha pima tena. Kikisoma 649, mna gramu 9. Ikiwa ulitia vijiko viwili vya chakula, gramu 27, basi zilizoliwa ni 18, na kile kimanda cha kalori 416 kinashuka mpaka kama 335.

Upimaji huu una mitego yake. Kwanza, kikaango cha moto huharibu usomaji wa mizani ya umeme na kinaweza kuyeyusha plastiki yake. Weka kibao cha kukatia mboga juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri na kibao kikiwa hapo, na usubiri kikaango kipoe kidogo. Pili, kilichobaki kikaangoni huenda si mafuta. Nyanya hutoa maji mengi, na dimbwi dogo unaloliona linaweza kuwa nusu yake ni maji ya nyanya. Namna ya kujua ni kusikiliza: rudisha kikaango motoni kwa moto mdogo, na kikichachatika na kutoa viputo, bado mna maji. Kikinyamaza, yamebaki mafuta, pima sasa. Tatu, vipande vya yai vilivyoganda chini navyo vina uzito. Kikaango kisichoshika hupunguza shida hii. Kikaango cha alumini kilichochakaa huiongeza mpaka kipimo hakina thamani, na hapo heri uhesabu mafuta yote.

Karatasi ya kufyonza mafuta hufanya kazi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko sifa zake. Inachukua yaliyo juu ya chakula. Yaliyoingia kwenye kitunguu hayarudi. Ukitaka kujua imechukua ngapi, ipime kabla na baada, kwa sharti lilelile kwamba mvuke wa maji unaweza kuwa umeilowesha pia.

Yai la kukaanga lililomo kwenye jedwali

Kosa linalofuata halitokei jikoni. Linatokea kwenye simu. Majedwali mengi ya chakula, likiwamo lile kubwa la Wizara ya Kilimo ya Marekani ambalo programu nyingi hulitumia, yana mstari wa yai bichi na mstari mwingine wa yai la kukaanga. Yai bichi ni kalori 143 kwa gramu 100. La kukaanga ni kalori 196 kwa gramu 100. Yai moja kubwa la kukaanga katika jedwali hilo lina uzito wa gramu 46 na kalori 90, na mafuta gramu 6.8.

Linganisha na yai bichi la gramu 50: mafuta gramu 4.8, protini 6.3. Protini haijabadilika. Uzito umepungua kwa sababu maji yameondoka, na mafuta yameongezeka kwa gramu 2. Maana yake ni kwamba aliyeandaa mstari huo ameshaweka mafuta ya kukaangia, ila ni kidogo sana, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Hilo ni yai la kikaango kisichoshika kilichopakwa mafuta, si yai linaloogelea.

Hapo watu hukosea kwa njia mbili. Mmoja anachagua mstari wa yai la kukaanga na kuishia hapo, ingawa amekaangia kijiko cha chakula. Ameficha mafuta mengi. Mwingine anachagua mstari uleule kisha anaongeza kijiko cha mafuta chini yake. Amehesabu zile gramu 2 mara mbili kwa kila yai. Kosa la wa pili ni dogo kuliko la wa kwanza, lakini yote mawili yanakwepeka kwa utaratibu mmoja: andika yai bichi, mboga mbichi, na mafuta kwa mstari wake peke yake. Ukifanya hivyo unajua kila gramu imetoka wapi, na siku ukibadilisha kijiko unabadilisha mstari mmoja tu.

Wanaotumia majedwali ya hapa kwetu, yale ya Tanzania ya mwaka 2008 au ya Kenya ya 2018, wakumbuke kuwa namba zake ni za gramu 100 za sehemu inayolika, kwa hiyo ganda la yai na maganda ya kitunguu hayahesabiki. Vyakula vilivyokwisha kupikwa kwenye jedwali lolote hubeba mafuta ya mpishi wa jedwali, na mpishi huyo hakujua kijiko chako.

Mstari wa programu unaosema tu kimanda cha mboga, kilichowekwa na mtumiaji mwingine, nausogelea kwa tahadhari kubwa zaidi. Ukiona protini gramu 13 na mafuta gramu 10 kwa mayai mawili, ujue aliyeuandika hakuhesabu mafuta ya kukaangia kabisa, kwa sababu gramu 9.5 ni za viini tayari. Huo ni ukaguzi wa haraka unaofaa kwa pishi lolote la mayai: toa gramu 4.8 kwa kila yai kwenye jumla ya mafuta, kinachobaki ndicho mafuta ya kikaango, na maziwa au jibini kama vimo.

Kimanda kikigawanywa

Nyumbani watu wachache hupika kimanda cha mtu mmoja. Tuseme umepika cha mayai sita, mboga mara tatu ya zile za mwanzo, na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta. Jumla ya sufuria ni kalori 888, protini gramu 41.4, mafuta gramu 69.9, wanga gramu 24.3. Umekula kipande, si nusu wala robo iliyonyooka.

Pima kimanda kizima kikiwa kimeiva, kisha pima kipande chako. Kikiwa kizima ni gramu 600 na chako ni gramu 150, umekula robo: kalori 222, protini gramu 10.4, mafuta gramu 17.5. Usichukue gramu 150 za kilichoiva ukazihesabu kama gramu 150 za vitu vibichi. Viungo hivyo vikiwa vibichi vilikuwa na gramu 730 pamoja na mafuta. Maji yamepanda na mvuke, kalori zimebaki zote katika uzito mdogo zaidi. Kadiri ulivyokiacha kimanda kikauke motoni, ndivyo gramu moja yake inavyozidi kuwa nzito kwa kalori, na mafuta hayana mchango katika ukavu huo kwa sababu kwenye joto la kukaangia yenyewe hayageuki mvuke kama maji.

Kinachobaki nje ya uwezo wa kijiko ni kimanda cha kununua. Mpishi wa kibandani hupika kwa upawa au kwa kumimina moja kwa moja, na kikaango chake kina mafuta ya mteja aliyetangulia. Kwa kimanda cha mayai mawili cha kibandani naandika vijiko viwili vya chakula vya mafuta, nikishushia kimoja pale nilipoona mwenyewe kikaango kikiwa kikavu. Kwa chipsi mayai sihesabu kwa vijiko hata kidogo, kwa kuwa chipsi zimeshakunywa mafuta kwenye karai kabla yai halijavunjwa. Hapo mstari wa chipsi na mstari wa yai huandikwa mbalimbali, na mafuta ya kikaango huongezwa juu yake.